Kichwa cha Ukurasa, Nambari na Tanbihi: Tuandike Nini Tunaponakili Kitabu Kutoka Katika Picha?

Makala haya yanahusu swali ambalo kila mwenye kunakili kitabu cha zamani hukutana nalo tangu picha ya kwanza. Vitabu vingi vya Kiswahili vilivyochapwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 havipatikani tena madukani. Mtafiti hupewa ruhusa ya kuvipiga picha katika maktaba, ukurasa kwa ukurasa, kisha hurudi nyumbani na kuandika upya maneno yote kwa kompyuta. Mara tu anapofungua picha ya kwanza, huona kwamba ukurasa hauna masimulizi peke yake. Juu kuna jina la kitabu au la sura, lililorudiwa kutoka ukurasa hata ukurasa. Pembeni kuna nambari. Chini ya mstari mwembamba kuna tanbihi za herufi ndogo. Je, ayaandike yote haya, au aandike masimulizi tu?

Wengi hujibu kwa desturi na si kwa hoja. Mmoja huandika kila kitu kwa uaminifu kama anavyokiona. Mwingine huacha kila kilicho nje ya masimulizi ili matini iwe safi. Tutaonyesha hapa kwamba wote wawili hukosea, kwa sababu vitu hivi vitatu havina asili moja wala havina kazi moja. Kila kimoja kinadai hukumu yake.

1. Ni nani aliyeviandika?

Tuanze na swali la mwandishi. Kichwa cha ukurasa kwa kawaida ni kazi ya mpiga chapa. Alikipanga ili msomaji anayefungua kitabu katikati ajue yuko wapi. Nambari ya ukurasa vilevile ni mali ya toleo, wala si mali ya masimulizi. Habari za maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sisi huku Kongo tunamfahamu zaidi kwa jina la Tippu Tip, ni mfano mzuri. Yeye aliziandika kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akazigeuza katika herufi za Kilatini na kuzitoa mjini Berlini mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Baadaye likatokea toleo la Whiteley, mwaka 1958 na 1959, lenye tafsiri ya Kiingereza, na mwaka 1974 Padri François Bontinck akaitoa tafsiri ya Kifaransa. Masimulizi ni yale yale, lakini tukio linalosimuliwa katika ukurasa fulani wa toleo moja linakaa katika ukurasa mwingine kabisa wa toleo jingine. Kwa hiyo nambari ya ukurasa haina maana mpaka tujue ni ya toleo gani.

Tanbihi ni jambo jingine. Katika vitabu vya namna hii, msimulizi ni mtu mmoja na mwenye tanbihi ni mtu mwingine: mhariri, ambaye mara nyingi alikuwa mgeni aliyeyapokea masimulizi na kuyachapisha. Anayeingiza maneno ya tanbihi ndani ya masimulizi humtia msimulizi kinywani maneno asiyoyasema. Lakini anayeitupa tanbihi anaweza kufanya kosa kubwa zaidi, nasi tutalieleza hapa chini.

2. Mfano wa kurasa mbili

Ili hoja isibaki hewani, tuchukue kitabu cha kubuni tulichokitunga kwa ajili ya makala haya, kwa sura ya vitabu vya zama zile. Jina lake ni Safari ya Manyema. Kurasa za shufwa zina jina la kitabu juu yake, na kurasa za witiri zina jina la sura. Tanbihi huanza upya na nambari 1 katika kila ukurasa, kama ilivyokuwa desturi ya wapiga chapa wengi. Mwandikaji asiye na kanuni, anayefuata picha mbili za mwisho wa ukurasa wa 46 na mwanzo wa ukurasa wa 47, atapata hivi:

```
Tukakaa siku tisa,1 tukanunua mtama
kwa doti tatu,2 na usiku wapagazi wakato-
1) Hati ya mkono: siku tano.
2) Doti ni shuka mbili, yaani
SURA YA PILI 47
roka, nasi hatukujua.
```

Na chini ya ukurasa wa 47, mbali na hapo, atakuta kipande cha tanbihi kinachosema «mikono minane ya nguo», kisha tanbihi nyingine yenye nambari 1.

Tutazame madhara yake. Neno «wakatoroka» limekatwa vipande viwili, na kati ya vipande hivyo zimeingia tanbihi mbili na kichwa cha ukurasa. Kompyuta itakapoorodhesha maneno, haitapata «wakatoroka»; itapata «wakato» na «roka», maneno yasiyokuwapo katika lugha. Tanbihi ya 2 imekatika kabla ya kumaliza maana yake, na mkia wake umetupwa mahali ambapo hauelekei neno lolote. Nambari ndogo zilizoinuliwa juu ya mstari katika kitabu zimeshuka na kushikamana na maandishi. Hapa hazikuleta hasara kubwa, lakini tanbihi ya 1 ingekuwa juu ya mwaka, tuseme 1884, tungepata 18841, na msomaji asiyeiona picha asingejua kilichotokea.

3. Kichwa cha ukurasa: kiandikwe mara moja

Hasara ya kichwa cha ukurasa huonekana katika hesabu. Tuseme kitabu chetu kina kurasa 240, na kila ukurasa una maneno 300 ya masimulizi. Jumla ni maneno 72,000. Kichwa chenye maneno matatu katika kila ukurasa huongeza maneno 720, yaani sehemu moja tu katika mia. Mtu atasema kwamba hiyo si kitu. Lakini ongezeko hilo halikutawanyika sawasawa. Neno «safari» limo katika kichwa cha kila ukurasa wa shufwa, yaani mara 120. Kama msimulizi mwenyewe alilitumia mara 90, orodha yetu itaonyesha mara 210. Mwanaisimu anayelinganisha kitabu hiki na kingine atadhani kwamba msimulizi alilipenda neno hilo kupita kiasi, kumbe aliyelirudia ni mpiga chapa.

Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba kichwa kinachorudiwa bila kubadilika kisiandikwe katika kila ukurasa. Kitajwe mara moja mwanzoni mwa nakala, katika maelezo mafupi: kurasa za shufwa zina jina la kitabu, kurasa za witiri zina jina la sura. Kwa sentensi hiyo moja, atakayetaka kujua kitabu kilionekanaje amekwisha kuambiwa.

Hata hivyo, kuna vichwa vya namna nyingine. Katika baadhi ya vitabu vya historia na vya safari, kichwa hubadilika kila ukurasa na kueleza kwa ufupi habari iliyomo, au hutaja mwaka wa matukio. Katika kamusi, vichwa hutaja neno la kwanza na la mwisho la ukurasa. Kichwa kinachotaja mwaka chaweza kuwa na habari isiyopatikana kwingineko, kwa maana msimulizi hakutaja mwaka na mhariri ndiye aliyeuhesabu. Kichwa cha aina hii kiandikwe, lakini kwa alama yake, kama maneno ya mhariri. Namna ya kutambua ni rahisi: kabla ya kuanza kuandika, tazama vichwa vya kurasa nne zinazofuatana katika sehemu tatu za kitabu, yaani mwanzoni, katikati na mwishoni. Vikibadilika ndani ya sura moja, ujue kuna mtu aliyekaa na kuvitunga.

Kuna pia vialama vya karakana ambavyo havina budi kuachwa. Chini ya ukurasa wa kwanza wa kila kunjo la karatasi, wapiga chapa waliweka nambari au herufi ndogo ya kumwongoza mshona vitabu. Mwandikaji asiyeifahamu hudhani ni nambari ya tanbihi na kuitafuta tanbihi isiyokuwapo. Ikiwa nambari hiyo inarudi kila baada ya kurasa 16, huku ikiongezeka kwa moja, basi ni ya kunjo.

4. Nambari ya ukurasa: ibaki siku zote, lakini kama alama

Nambari ya ukurasa haistahili kuachwa hata katika nakala ya kusoma tu. Sababu ya kwanza ni marejeo: mwanafunzi atakayenukuu nakala yetu lazima aweze kutaja ukurasa wa kitabu chenyewe. Sababu ya pili ni usahihishaji. Msahihishaji anayetilia shaka neno moja kati ya maneno 72,000 hana njia ya kuifikia picha yake isipokuwa kwa nambari hiyo. Sababu ya tatu ndiyo wengi huijua baada ya hasara: nambari hufichua picha iliyokosekana.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kunakili kitabu kizima bila nambari, akiamini kwamba mfuatano wa picha ungemtosha. Picha zilikuwa na nambari za kamera, nazo zilifuatana bila pengo. Lakini mpiga picha alikuwa amefunua karatasi mbili kwa pamoja katika mahali pamoja. Kurasa mbili zilikosekana, na sentensi iliyokatika juu ya pengo ilisomeka kana kwamba ni sahihi. Jambo hilo lilijulikana baada ya miezi, mwenzetu mmoja alipouliza mbona mtu anazikwa kabla ya kuugua. Laiti nambari za kurasa zingeandikwa, pengo lingeonekana siku ile ile.

Nambari ya kamera, basi, si nambari ya ukurasa. Kwa kuwa jalada na kurasa za utangulizi nazo hupigwa picha, picha ya 53 yaweza kuwa ukurasa wa 47. Ni vizuri kuandika zote mbili. Ukurasa usiochapwa nambari upewe nambari yake ndani ya alama pamoja na ishara ya kuwa tumeikisia sisi. Nambari iliyochapwa kwa makosa, kama 78 mahali pa 87, iandikwe ilivyo na usahihisho wake uwekwe kando, kwa maana huenda mtafiti wa zamani ameinukuu vile vile.

Tahadhari moja zaidi yahusu matoleo ya lugha mbili. Kitabu cha hadithi cha Edward Steere cha mwaka 1870 kina Kiswahili upande wa kushoto na Kiingereza upande wa kulia. Anayenakili Kiswahili peke yake ataona nambari zikiruka mbili mbili. Hapo hakuna ukurasa uliopotea, nalo jambo hilo litajwe mwanzoni mwa nakala ili anayefuata asilitafute pengo lisilokuwapo. Na kama toleo limegawa masimulizi kwa vifungu vyenye nambari, nambari hizo nazo zitunzwe, kwa kuwa hazihami pindi kitabu kinapopangwa upya kama zinavyohama nambari za kurasa.

Alama ya ukurasa ikae mahali gani neno linapokatwa kati ya kurasa mbili? Sisi tunaliandika neno zima, kisha tunaweka alama mara baada yake. Tunapoteza ujuzi wa silabi gani ilikuwa upande gani, lakini tunaliokoa neno.

5. Tanbihi: swali lenye uzito

Turudi sasa katika mfano wetu. Tanbihi ya 2 inaeleza kwamba doti ni shuka mbili. Hiyo ni tanbihi ya maelezo. Ikiachwa, msomaji ataikosa nafuu fulani, lakini anaweza kuipata katika kamusi. Tanbihi ya 1 ni ya namna nyingine kabisa. Inasema kwamba katika hati ya mkono kumeandikwa «siku tano». Maana yake ni kwamba mhariri amelibadilisha neno. Labda aliona kwamba siku tano hazilingani na hesabu ya safari; labda alikuwa na haki, labda hakuwa nayo. Lakini tangu alipobadilisha, neno la msimulizi halipo tena katika masimulizi. Limehamia chini ya mstari, katika herufi ndogo.

Hapa ndipo desturi ya kusafisha matini inapogeuka kuwa upotevu. Anayetupa tanbihi akidhani anamwondoa mhariri ili abaki na msimulizi, kwa kweli anamwondoa msimulizi na kubaki na mhariri. Kama hati ya mkono imepotea, tanbihi hiyo ndiyo shahidi wa pekee.

Kwa sababu hiyo tunashauri tanbihi zote ziandikwe, hata zile za lugha ya kigeni, na kila moja ioneshwe kuwa ni tanbihi. Mwenye muda mchache anaweza kuziacha tanbihi za maelezo, ila hana ruhusa ya kuziacha zinazotaja hati ya mkono, herufi za asili au usomaji mwingine. Na alichokiacha akitaje mwanzoni.

Kwa kuwa nambari za tanbihi huanza upya kila ukurasa, kitabu cha kurasa 240 chaweza kuwa na tanbihi mia na zaidi zinazoitwa «1». Tuzipe jina lenye nambari ya ukurasa: tanbihi ya kwanza ya ukurasa wa 46 ni t46.1. Tanbihi inayoendelea katika ukurasa wa pili iunganishwe na kichwa chake, nayo ibaki na jina la ukurasa ilikoanzia. Mfano wetu sasa unakuwa hivi:

```
[uk. 46; picha 52]
Tukakaa siku tisa,[t46.1] tukanunua mtama
kwa doti tatu,[t46.2] na usiku wapagazi
wakatoroka, [uk. 47; picha 53] nasi hatukujua.

[t46.1: Hati ya mkono: siku tano.]
[t46.2: Doti ni shuka mbili, yaani mikono minane ya nguo.]
```

Kila tanbihi iandikwe katika mstari mmoja, bila kubonyeza kitufe cha kuanza mstari mpya hadi iishe. Sababu yake itaonekana punde.

6. Nakala moja, matumizi mengi

Faida ya alama hizi ni kwamba hatulazimiki kuchagua baina ya nakala safi na nakala kamili. Tunaandika nakala moja yenye yote, kisha tunatoa ndani yake tunachokihitaji. Anayetaka masimulizi peke yake ili ahesabu maneno huondoa kila kilicho ndani ya mabano ya mraba kwa amri moja:

```
sed 's/\[[^]]*\]//g' safari.txt > safi.txt
```

Amri hii husoma mstari mmoja mmoja. Ndiyo maana tanbihi iliyokatwa katika mistari miwili isingeondoka. Ina mipaka mingine pia. Wahariri wengi walitumia mabano ya mraba kwa maneno waliyoyaongeza wao, nayo yangefutwa pamoja na alama zetu. Basi kabla ya kuanza, pitia picha zote upesi. Ukiyaona mabano hayo katika kitabu, chagua kwa alama zako mabano ya mawimbi.

Ili kuhakiki kwamba hakuna ukurasa uliorukwa, tunaorodhesha alama za kurasa peke yake:

```
grep -o '\[uk\. [0-9]*' safari.txt
```

Orodha ikipita kutoka 46 hadi 49, kuna picha ya kutafuta. Kwa tanbihi, kila jina lazima litokee mara mbili: mara moja ndani ya masimulizi na mara moja mbele ya maneno yake. Jina lililotokea mara moja tu laonyesha ama alama iliyosahauliwa, ama tanbihi isiyoandikwa, ama nambari ya kunjo iliyotudanganya.

Wanaoandaa toleo la kitaaluma hufuata kanuni za TEI, zinazotenganisha mambo haya haya kwa majina yake: `pb` kwa mwanzo wa ukurasa, `fw` kwa vichwa na nambari zilizochapwa, na `note` kwa tanbihi. Wengine huamua kinyume kwa sababu ya lengo lao. Jumuiya ya Distributed Proofreaders, iliyoanzishwa mwaka 2000 ili kuandaa vitabu vya kusomwa na umma, huwataka wasahihishaji waondoe vichwa na nambari za kurasa lakini watunze tanbihi. Kila ukurasa wao hukaa katika faili yake pamoja na picha yake muda wote wa kazi, kwa hiyo nambari haipotei kwao kama inavyopotea kwetu tunaoandika kitabu kizima katika faili moja. Nakala yenye alama nyepesi tulizozieleza inaweza kugeuzwa baadaye kuwa ya TEI bila kurudia kuandika. Nakala iliyosafishwa haiwezi. Itabidi kuzirudia picha zote.

7. Hitimisho

Kwa ufupi, kichwa kisichobadilika kitajwe mara moja tu. Kinachobadilika kiandikwe kama kauli ya mhariri. Nambari ya ukurasa ibaki daima, ikiwa alama wala si neno. Tanbihi itunzwe, ipewe jina lake, na isichanganywe na masimulizi. Na uamuzi wowote uliochukuliwa uandikwe katika mistari michache mwanzoni mwa nakala, pamoja na jina la toleo na mwaka wake. Mwenye kuipokea nakala hiyo baada ya miaka kumi hataziona picha zetu. Atajua tu kile tulichomwachia. Akikuta «siku tisa», awe na njia ya kufahamu kwamba msimulizi aliandika tano.